Bloku yako inatangazwa na nani? Kusoma Looking Glass na daftari za njia, dalili kwa dalili

Malalamiko yanayofika kwa watu wa mitandao yanafanana sana. Taasisi imehamia kwa mtoa huduma mpya na tovuti yake inafunguka Nairobi lakini haifunguki Ulaya. Mwingine amepewa bloku ya anwani na AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, ameiweka kwenye ruta, na dunia haioni kitu. Wa tatu ameona namba ya AS, yaani namba inayotambulisha mtandao mmoja kwa mingine, asiyoijua ikitangaza anwani zake na anataka kupiga simu polisi.

Wote hao wanahitaji kuangalia mahali pawili. Pa kwanza ni kurasa zile zenye jina Looking Glass, ambazo hapa nitaziita kioo: unauliza ruta ya mtu mwingine, nayo inakuonyesha njia inayoijua kuelekea anwani zako. Pa pili ni daftari za njia, kama daftari la AFRINIC au RADb, ambamo wenye mitandao huandika ni AS gani imeruhusiwa kutangaza bloku ipi. Kioo kinaonyesha kinachotokea sasa hivi, lakini kwa macho ya ruta moja tu. Daftari linaonyesha kilichokusudiwa, hata kama kilikusudiwa miaka kumi iliyopita na hakuna aliyekumbuka kukifuta. Makosa mengi ya usomaji hutokana na kuchukua kimoja kati ya hivi viwili kana kwamba ndicho kingine.

Kwanza, jua kusoma jibu moja

Katika mifano yangu natumia namba zilizotengwa kwa ajili ya mafunzo, kwa hiyo ukizitafuta kwenye kioo hutazikuta. Tuseme bloku yako ni 203.0.113.0/24, AS yako ni 64500, na watoa huduma wako wawili ni AS64501 na AS64502. Ukiuliza kwenye kioo chenye ruta ya Cisco utapata kitu cha namna hii:

```
BGP routing table entry for 203.0.113.0/24
  64496 64501 64500
    192.0.2.1 from 192.0.2.1
      Origin IGP, valid, external, best
```

Mstari wa namba ndio wenye habari, na unasomwa kuanzia kulia. Namba ya kulia kabisa, 64500, ndiye anayetangaza bloku. Inayofuata kushoto, 64501, ndiye mtoa huduma aliyeipokea kutoka kwake. Namba ya kushoto kabisa, 64496, ni jirani wa kioo chenyewe. Ukikuta namba ya kulia imejirudia, kama `64501 64500 64500 64500`, si kosa: mwenye bloku ameirefusha njia hiyo kwa makusudi ili ipendwe kidogo, na mara nyingi ni njia ya akiba.

Neno `Origin IGP` huwapotosha wengi. Halisemi mwenye bloku ni nani. Linaeleza tu jinsi njia ilivyoingizwa hapo mwanzo kwenye BGP, itifaki ambayo mitandao hutumia kutangaziana njia, na kwa kazi yetu ya leo unaweza kuliruka.

Kama huna kioo unachokizoea, anza na Route Views, mradi wa Chuo Kikuu cha Oregon unaokusanya njia kutoka mitandao mingi na kuruhusu yeyote kuuliza:

```
telnet route-views.routeviews.org
Username: rviews
show ip bgp 8.8.8.8
```

Utapata orodha ndefu ya njia, zote zikiishia na 15169, ambayo ni AS ya Google. Route Views wana pia kikusanyaji kilichokaa KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki cha Nairobi, na hicho kinafaa ukitaka kujua mitandao ya ukanda wetu inakuonaje. Asiyependa kuandika amri aende RIPEstat kwenye stat.ripe.net, aandike anwani yake, asome kwenye kurasa.

Dalili ya kwanza: kioo kinajibu kwamba bloku haipo

Sababu inayoongoza ni swali lenyewe. Ruta nyingi za Cisco, ukizipa bloku pamoja na urefu wake, hutafuta bloku ya urefu uleule tu. Ukiuliza 203.0.113.0/24 na mtoa huduma anaitangaza ndani ya bloku kubwa ya /22, jibu litakuwa `% Network not in table`, ingawa kila kitu kinafanya kazi. Basi usiulize bloku. Uliza anwani moja iliyo ndani yake, mfano 203.0.113.10, bila mkwaju wala urefu. Hapo ruta itakupa bloku ndogo zaidi inayoifunika anwani hiyo, na mstari wa kwanza wa jibu utakuambia ni ipi. Zoea hili kabla ya mengine yote. Utaona chini kwa nini.

Kama hata anwani moja haina njia, jaribu kioo cha pili na cha tatu. Baadhi ya vioo viko kwenye ruta zinazobeba njia za wateja na majirani tu, si njia za dunia nzima. Kioo kikikosa pia 8.8.8.8, basi hakibebi jedwali kamili na ukimya wake kuhusu bloku yako si ushahidi.

Vioo vitatu vikikubaliana kwamba haipo, rudi nyumbani. Kwenye ruta yako ya mpakani angalia unachomtumia mtoa huduma:

```
show ip bgp neighbors 192.0.2.9 advertised-routes
```

Bloku isipokuwemo kwenye orodha, kosa liko kwako, na mara nyingi ni hili: umeandika `network 203.0.113.0 mask 255.255.255.0` kwenye BGP, lakini ruta haina njia ya /24 hiyo katika jedwali lake la kawaida. Ina vipande vyake tu, /26 moja ya ofisi na /27 moja ya seva. Cisco haitangazi bloku kwa amri ya `network` mpaka ione njia yenye urefu uleule kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja:

```
ip route 203.0.113.0 255.255.255.0 Null0
```

Mstari huo unaipa ruta njia ya /24 ya kuegemea, na vipande vidogo vinaendelea kupokea trafiki yao kwa sababu njia ya kipande kidogo hushinda ya bloku kubwa. Lakini hakikisha namba mara mbili kabla ya kubonyeza. Null0 ni shimo: ukiandika bloku isiyo yako, trafiki yoyote ya kwenda huko ambayo haina njia ndogo zaidi itatupwa kimyakimya.

Bloku ikiwemo kwenye orodha ya unachotuma na bado dunia haioni, basi inazuiwa na vichujio vya mtoa huduma. Watoa huduma makini hupokea kwa mteja zile bloku tu zilizoandikwa kwenye daftari la njia. Angalia kama umeandika:

```
whois -h whois.afrinic.net 203.0.113.0/24
whois -h whois.radb.net 203.0.113.0/24
```

Unatafuta kiingilio kinachoanza na `route:` chenye `origin:` ya AS yako. Kinachoanza na `inetnum:` hakitoshi. Hicho kinasema AFRINIC imempa nani anwani, hakisemi nani aruhusiwe kuzitangaza. Watu wengi huona jina la taasisi yao kwenye `inetnum:` wakadhani kazi imekwisha.

Sababu ya mwisho, isiyotokea sana lakini haina dawa ya haraka: umegawa bloku yako kuwa ndogo kuliko /24. Kwa IPv4 mitandao mingi duniani haipokei kitu kidogo kuliko /24, na kwa IPv6 kuliko /48. Ukitangaza /25 itaonekana kwa mtoa huduma wako na pengine kwa majirani zake wachache, kisha itaishia hapo.

Dalili ya pili: inaonekana huku, kule haionekani

Hii ndiyo ya yule anayesema tovuti inafunguka Nairobi lakini haifunguki Ulaya. Kwanza thibitisha kwamba kweli ni njia inayokosekana. Uliza anwani yako kwenye kikusanyaji cha KIXP, kisha kwenye kioo cha mtandao mkubwa wa Ulaya au kwenye ukurasa wa RIPEstat unaoonyesha ni wangapi kati ya majirani wao wenye jedwali kamili wanaoiona bloku. Karibu wote wakiiona, tatizo lako si BGP na huna haja ya kuendelea kusoma sehemu hii. Nusu yao wakiiona, endelea.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza siku hizi ni RPKI. Mwenye bloku anaweza kuweka sahihi ya kidijitali, iitwayo ROA, inayosema mambo matatu: bloku ipi, AS ipi iitangaze, na urefu wa mwisho unaoruhusiwa. Mitandao mikubwa mingi hutupa tangazo linalopingana na ROA. Mingine bado haikagui. Ndiyo maana bloku yenye ROA mbaya huonekana nusunusu: haijafa, wala haiko hai. Kagua kwa mstari mmoja:

```
curl "https://stat.ripe.net/data/rpki-validation/data.json?resource=AS15169&prefix=8.8.8.0/24"
```

Badilisha namba ya AS na bloku ziwe zako. Jibu likiwa `valid`, ROA iko sawa. Likiwa `unknown`, hakuna ROA kabisa, na hilo halizuii tangazo. Likiwa `invalid_asn`, ROA inataja AS nyingine, kwa kawaida ya mtoa huduma wa zamani aliyekuwa akikutangazia. Likiwa `invalid_length`, AS ni sahihi lakini umetangaza kipande kidogo kuliko ROA inavyoruhusu: uliweka ROA ya /22 bila kuongeza urefu, kisha ukaanza kutangaza /24 nne.

Dawa ni kuandika ROA inayolingana na kile unachotangaza hasa, kupitia akaunti ya uanachama ya AFRINIC. Usikimbilie kuruhusu mpaka /24 kwa kila bloku kubwa kwa sababu ya urahisi. Urefu ulioachwa wazi bila kutumika unampa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kutangaza kipande kidogo, kwa kujifanya AS yako, na tangazo lake likapita ukaguzi.

Unapohama, mpangilio ni huu. Ongeza kwanza ROA yenye AS mpya huku ile ya zamani ikiwepo. Bloku moja inaweza kuwa na ROA mbili, na ikilingana na mojawapo inapita. Subiri mpaka ukaguzi wa AS mpya urudishe `valid`. Ndipo uhamishe tangazo. Siku kadhaa baadaye, kila kitu kikiwa kimetulia, ondoa ya zamani. Anayefuta kwanza ndipo aongeze hujifungia nje kwa mkono wake.

ROA ikiwa safi, sababu ya pili ni muda. Vichujio vinavyotokana na daftari havibadiliki papo hapo. Watoa huduma wengi huviunda upya mara moja kwa siku, na mtoa huduma wa mtoa huduma wako naye ana ratiba yake. Kiingilio ulichoandika asubuhi kinaweza kuonekana kimefanya kazi kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho. Subiri saa 24 kabla ya kubadilisha kitu kingine, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

Ya tatu ni lebo. Tangazo linaweza kubeba lebo inayosema lisitoke nje ya mtandao ulioipokea, na kwenye kioo huonekana kama `no-export` au 65535:65281. Ukiiona kwenye kioo cha mtoa huduma wako, umeipata sababu: ama wewe uliiweka, ama yeye. Mwulize.

Dalili ya tatu: namba ya kulia kabisa si yako

Hapa ndipo watu hupata hofu, na wakati mwingine ni halali. Lakini sababu za kawaida ni za amani. Inayoongoza ni kwamba wewe huna AS na mtoa huduma wako ndiye anayekutangazia; namba ya kulia itakuwa yake, na ndivyo inavyotakiwa. Inayofuata ni mtoa huduma wa zamani ambaye hajaacha kutangaza baada ya mkataba kuisha. Nyingine ni kampuni ya kuchuja mashambulizi ambayo mtu wa idara nyingine aliilipa bila kuwaambia watu wa mtandao. Tafuta namba hiyo kwanza:

```
whois -h whois.afrinic.net AS64510
```

Ukiliona jina unalolijua, piga simu ya kawaida. Na ukiona namba kati ya 64512 na 65534, hizo ni za matumizi ya ndani na hazistahili kuonekana duniani: mtoa huduma amesahau kuiondoa kabla ya kupitisha tangazo.

Zikishaondoka hizo zote, inabaki kwamba mtu asiyehusika anatangaza anwani zako, kwa kukosea namba au kwa makusudi. Kisa kinachofundisha vizuri namna ya kulisoma hili ni cha YouTube, tarehe 24 Februari 2008, kwa sababu njia zilihifadhiwa na kila dakika inajulikana.

YouTube, wakati huo AS36561, ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Pakistan ilikuwa imeamua kuifungia YouTube ndani ya nchi, na Pakistan Telecom, AS17557, ikaanza kutangaza 208.65.153.0/24, kipande kilichomo ndani ya ile /22. Tangazo hilo lilivuka mpaka. Saa 3:47 usiku kwa saa za Afrika Mashariki mtoa huduma wao wa juu, PCCW, AS3491, alilipokea na kulipitisha duniani. Kwa kuwa ruta hufuata bloku ndogo zaidi, trafiki ya YouTube kutoka pande nyingi za dunia ikaelekea Pakistan.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtu wa YouTube mwenye kioo mbele yake. Akiuliza 208.65.152.0/22, anapata jibu zuri kabisa: njia zote zinaishia na 36561. Hakuna kilichobadilika kwenye /22. Akiuliza anwani moja, tuseme 208.65.153.238, mstari wa kwanza unasema 208.65.153.0/24 na njia inaishia `3491 17557`. Kosa lote limo katika urefu wa bloku. Ndiyo sababu nimesisitiza kuuliza anwani moja na kusoma mstari wa kwanza kabla ya namba za AS.

Saa 5:07 usiku YouTube nao walitangaza /24 ileile. Hapo bloku mbili za urefu sawa zikashindana, na kila ruta ikachagua kwa vigezo vyake: walio karibu na PCCW wengine wakabaki Pakistan, wengine wakarudi. Kioo kimoja kingekuambia tatizo limekwisha, kingine kwamba lipo palepale, na vyote vingekuwa vinasema kweli. Saa 5:18 YouTube wakatangaza vipande viwili vya /25, na mitandao iliyokubali bloku ndogo kiasi hicho ikarudi kwao. Saa 5:51 njia ya Pakistan ilianza kuonekana na 17557 ikiwa imerudiwa, hivyo ikawa ndefu na baadhi ya ruta zikaiacha. Saa 6:01 usiku PCCW aliziondoa njia zote zilizoanzia AS17557, na hapo ndipo tatizo lilipokwisha kwa wote.

Angalia nani alimaliza tatizo. YouTube walipunguza madhara kwa bloku ndogo, lakini aliyekuwa na uwezo wa kulifunga kabisa ni namba ya pili kutoka kulia, mtoa huduma aliyelipokea tangazo baya. Kwa hiyo ukithibitisha kwamba anwani zako zinatangazwa na mgeni, mtu wa kumtafuta sambamba na mgeni huyo ni jirani yake wa kushoto. Mawasiliano ya watu wa zamu yapo PeeringDB, na kwenye kiingilio cha `aut-num` katika daftari, mistari ya `tech-c`.

Simama hapa. Usianze kutangaza vipande vidogo kwa kujibu mapigo bila kuongea na mtoa huduma wako. Kama ROA yako hairuhusu urefu huo, matangazo yako mapya yatatupwa kama batili na utakuwa umejiumiza wakati wa shida. Kama mtoa huduma hana vipande hivyo kwenye kichujio chake, havitatoka. Na kama huna njia ya kuifikia ruta nje ya mtandao huohuo unaoubadilisha, usiguse BGP ukiwa mbali. Mpigie mtu wa zamu wa mtoa huduma, kisha umtumie kwa maandishi mambo manne: saa kwa UTC, bloku kamili pamoja na urefu, mstari wa namba za AS kama ulivyo, na jina la kioo ulikouona. Mhandisi anayepokea ujumbe wenye hayo manne anaweza kuanza kazi mara moja. Anayepokea "mtandao wetu umeibiwa" atatumia saa nzima ya kwanza kuuliza maswali.

Dalili ya nne: namba ya mwisho ni yangu, lakini njia inapita kwa mtu nisiyemtarajia

Kwanza kumbuka mwelekeo. Kioo cha London kinaonyesha jinsi London inavyokuja kwako. Hakionyeshi wewe unavyokwenda London. Mtu analalamika kwamba trafiki yake ya kutoka inapita AS64502 badala ya AS64501, kisha anaangalia kioo cha nje kutafuta sababu. Hataipata huko. Ya kutoka iko kwenye ruta yake mwenyewe.

Kama ni trafiki ya kuingia kweli, sababu ya kawaida ni kwamba kioo kinaonyesha njia moja tu, ile kilichoichagua. Kutoonekana kwa AS64501 kwenye kioo kimoja hakumaanishi AS64501 haikutangazi. Uliza kioo cha AS64501 chenyewe.

Sababu inayowachosha wengi ni ya njia ya akiba iliyorefushwa. Umerudia namba yako mara nne kuelekea AS64502 ili isitumike, na bado trafiki inapita hapo. Hii hutokea kwa sababu mtandao huangalia upendeleo wake wa ndani kabla ya kuhesabu urefu wa njia, na karibu kila mtoa huduma hupendelea njia ya mteja wake, anayemlipa, kuliko njia ileile ikitoka kwa jirani asiyelipa. Wateja wa AS64502 wasio na njia nyingine watakuja kwako kupitia AS64502 hata ukirudia namba mara kumi. Wengi wa watoa huduma wana lebo za kuwaomba wapunguze upendeleo huo. Uliza orodha yao, weka lebo inayofaa kwenye tangazo, kisha rudia kioo.

Njia ikipita Ulaya kati ya Dar es Salaam na Nairobi, usiihukumu kwa namba za AS peke yake. Namba ni ya kampuni, na kampuni moja inaweza kuwa na ruta Mombasa na Marseille kwa namba ileile. Hapo kinachojibu ni traceroute na muda wake: jibu la milisekunde 15 halikwenda Ulaya, la milisekunde 180 huenda lilikwenda.

Kuna umbo moja la kuogopa. Ukiona mtandao mdogo, mteja wa watoa huduma wawili wakubwa, amekaa katikati yao kama daraja, mfano `64496 64505 64501 64500` na 64505 ni kampuni ndogo tu, huo ni uvujaji: mteja amepitisha njia za mtoa huduma mmoja kwa mwingine. Wewe huwezi kuurekebisha. Kusanya mambo manne yaleyale na uyapeleke kwa mtoa huduma wako, naye awasiliane na 64496, ambaye ndiye aliyeupokea.

Dalili ya tano: daftari linasema hivi, kioo kinasema vile

Uliza bloku yako RADb na usishangae ukikuta viingilio vitatu vyenye AS tatu. RADb hunakili daftari nyingine pamoja na kuhifadhi lake, kwa hiyo mstari wa kusoma kwanza ni wa mwisho:

```
route:      203.0.113.0/24
origin:     AS64501
mnt-by:     MAINT-MFANO
source:     RADB
```

`source: AFRINIC` ndiyo yenye uzito kwa anwani zilizotolewa na AFRINIC, kwa sababu huko mwenye anwani ndiye anayeandika. `source: RADB` inaweza kuwa imeandikwa na mtoa huduma wako wa zamani kwa niaba yako. `source: RIPE-NONAUTH` ni mabaki: mitandao mingi ya Afrika iliwahi kuandika njia zake kwenye daftari la RIPE, shirika la Ulaya la anwani, na tangu Septemba 2018 viingilio vya nje ya eneo lao viliwekwa chini ya jina hilo, wala vipya havipokelewi.

Kiingilio kilichozeeka hakiharibu tangazo lako la leo. Hatari yake ni kwamba kinamfungulia mlango mwingine: kichujio cha mahali fulani bado kinamruhusu AS64501 kutangaza bloku yako. Kukifuta kunahitaji aliye kwenye `mnt-by`. Kama ni mtoa huduma wa zamani, mwandikie akiondoe, ukitaja bloku, AS na `source`. Akikaa kimya, waandikie wenye daftari husika ukiwa na uthibitisho kwamba AFRINIC imekupa wewe anwani hizo. Usijaribu kuandika kiingilio kipya cha kupingana nacho ukidhani kitakishinda. Vichujio huvichukua vyote viwili. Kinachoshinda ni ROA, kwa mitandao inayoikagua.

Mistari ya `import:` na `export:` kwenye `aut-num` nayo husomwa kama orodha ya watoa huduma wa mtandao fulani. Mingi haijaguswa tangu siku AS ilipoandikishwa. Ukitaka kujua mtandao unapita kwa nani, chukua namba ya pili kutoka kulia kwenye njia za Route Views, toka vikusanyaji kadhaa, kisha linganisha. Anayeonekana kwenye njia za sasa ndiye mtoa huduma wa sasa, na aliyeandikwa daftarini bila kuonekana popote ama ameshaachwa, ama ni wa akiba na atajitokeza siku ile ya kwanza ikikatika.